Kurekebisha tangazo la zamani au kufungua jipya: mwongozo kamili kwa wenye duka Etsy

Swali hili huja siku kitambaa kinapoisha. Una foronya ya mto wa kochi, ya kanga, umeiuza Etsy miaka mitatu. Tangazo lake lina maoni mazuri, lina mamia ya watu waliolibonyezea moyo, na ndilo linaloingiza karibu nusu ya mauzo ya duka. Sasa doti ya mwisho imebaki vipande, na Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, unaambiwa toleo lile limekwisha, chukua hili jipya. Ubadilishe picha na maelezo kwenye tangazo lile lile ili historia isipotee, au ufungue tangazo jipya linaloanza na sifuri?

Nazungumzia Etsy kwa sababu huko ndiko wenzetu kadhaa walioko Ulaya na Amerika Kaskazini wanakouzia bidhaa za kanga na kitenge walizoshona wenyewe, na kwa sababu pale tofauti kati ya kurekebisha na kufungua upya ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Jibu hutegemea mambo mawili: nini hasa kitapotea, na kama una haki ya kuendelea kukitumia.

Historia imefungwa kwenye namba

Fungua tangazo lako kama mteja, utazame anwani yake juu ya kivinjari. Itakuwa na umbo hili:

```
https://www.etsy.com/listing/1234567890/kanga-cushion-cover
```

Maneno ya mwisho hutokana na kichwa cha tangazo, nayo hayana uzito. Kinachobeba kila kitu ni ile namba ya katikati. Ukibadilisha kichwa, picha, bei au maelezo, namba haibadiliki. Tangazo likimaliza miezi 4 na ukalihuisha kwa senti 20 za dola, namba ni ile ile. Hata likiisha bidhaa na kuhamia kwenye kundi la Sold out, ukibonyeza Renew linarudi na namba yake. Lakini ukibonyeza Copy, hata usipogusa herufi moja, umezaa namba mpya.

Hapa ndipo wauzaji wengi wanapopoteza historia bila kukusudia. Bidhaa inaisha, mzigo mpya wa kitu kile kile unafika, na mtu anaona njia rahisi ni kunakili tangazo na kulichapisha. Kwa kitu kisichobadilika, Copy haina faida yoyote. Tumia Renew.

Kwenye namba hiyo vimefungwa vitu vinne. Cha kwanza ni maoni ya bidhaa yenyewe, ambayo ukurasa wa tangazo huyaonyesha tofauti na maoni ya duka zima. Cha pili ni mioyo. Hii si ya urembo tu, kwani Etsy hukuruhusu kuwatumia punguzo watu walioonyesha kuvutiwa na tangazo fulani, na tangazo jipya halina wa kumtumia. Cha tatu ni viungo vilivyoko nje: picha zilizobandikwa Pinterest, kiungo ulichoweka Instagram, na kile ambacho mteja alimtumia dada yake kwa WhatsApp. Cha nne hakionekani, nacho ni sifa ya tangazo katika utafutaji. Etsy wenyewe wanaeleza kwamba baada ya kulinganisha maneno ya mtafutaji na kichwa, tegi, kategoria na sifa za bidhaa, hupanga matokeo kwa kutazama pia jinsi watu walivyolipokea tangazo: wanalifungua, wanalipenda, wananunua? Tangazo jipya hupewa msukumo mdogo wa muda ili mfumo ujifunze jinsi watu wanavyolipokea. Msukumo huo hauishi muda mrefu, na haulingani na miaka mitatu ya mauzo.

Upande wa pili, kuna ambacho hakipotei. Idadi ya mauzo ya duka haitikisiki, na maoni ya duka hubaki. Mteja anayefungua tangazo lako la jana bado anaona kwamba duka lina nyota zake. Kwa hiyo tangazo jipya ndani ya duka lenye jina zuri lina mahali pa kuegemea, tofauti na duka jipya. Nalisema hili mapema kwa sababu hofu ya kuanza na sifuri ndiyo inayowasukuma watu kwenye uamuzi mbaya.

Kipimo cha mteja wa zamani

Chukua maoni matano ya karibuni ya tangazo lako, uyasome moja moja huku umefungua rasimu ya mabadiliko unayotaka. Kwa kila mmoja jiulize: mtu huyu akirudi leo kwenye ukurasa huu, atasema hiki ndicho nilichonunua? Na anayemwamini atapata alichopata yeye?

Kama jibu ni ndiyo, rekebisha. Kama ni hapana, fungua jipya. Mengine yote katika mwongozo huu ni namna ya kufanya mojawapo bila kujiumiza.

Kuna mabadiliko ambayo jibu lake halina mjadala. Picha bora, kichwa kilichopangwa upya, tegi mpya, bei iliyopanda, maelezo marefu zaidi, zipu iliyohamishwa kutoka pembeni kwenda chini: yote hayo ni kurekebisha. Kubadilisha foronya iwe mkoba ni tangazo jipya, hata kama kanga ni ile ile.

Pagumu ni katikati, na katikati kuna mambo matatu yanayojirudia. La kwanza ni malighafi. Ikiwa maoni yanasema pamba yake ni laini na inafulika, nawe sasa unashonea kitambaa cha poliyesta chenye chapa ya kanga, maoni yale yamegeuka uongo ingawa aliyeyaandika hakudanganya. Fungua jipya. La pili ni ukubwa. Kuongeza sentimita 50 kwa 50 pembeni ya 45 kwa 45 ni chaguo ndani ya tangazo moja. Kuiondoa 45 kabisa na kuuza mto mrefu wa 30 kwa 60 ni bidhaa nyingine, maana aliyenunua ili ajaze mto alionao hataweza kurudia. La tatu ni rangi na nakshi, na hili ndilo gumu kwa anayeshona kanga, kwa hiyo nitalirudia kwa kirefu.

Usidhani hili ni suala la adabu peke yake. Februari 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza hatua dhidi ya The Bountiful Company, wauzaji wa vitamini na virutubisho. Kampuni ilikuwa imeunganisha bidhaa tofauti huko Amazon kana kwamba ni machaguo ya bidhaa moja, ili bidhaa mpya zionekane na nyota na maoni ya zile zilizokwisha kupendwa. Walitakiwa kulipa dola 600,000. Wewe mwenye cherehani sebuleni hutafikishwa huko kwa foronya, lakini kosa ni la aina hiyo hiyo: maoni ya kitu kimoja kuvishwa kitu kingine.

Na adhabu ya karibu zaidi hutoka kwa mteja. Akipokea kitu kisichofanana na alichosoma, anaweza kufungua shauri kwamba bidhaa si kama ilivyoelezwa, kisha akaandika nyota moja. Nyota hiyo inatua kwenye namba ile ile uliyokuwa ukiilinda.

Kabla ya kugusa chochote

Kwenye Etsy hakuna kitufe cha kurudisha tangazo kama lilivyokuwa wiki iliyopita. Ukihifadhi, la zamani limefutika. Kwa hiyo anza kwa kutunza nakala.

1. Ingia Shop Manager, kisha Settings, Options, halafu Download Data. Pakua faili la CSV la matangazo yanayouzwa sasa. Ndani yake kuna kichwa, maelezo, bei, idadi, tegi na machaguo ya kila tangazo. Lipe jina lenye tarehe, ulihifadhi nje ya simu.

2. Faili hilo halina takwimu. Fungua Stats, chagua tangazo husika, weka kipindi cha miezi 12, upige picha ya skrini. Unahitaji mambo matatu: limetembelewa mara ngapi, limeleta oda ngapi, na wageni wametokea wapi (utafutaji wa Etsy, mitandao ya kijamii, matangazo ya kulipia, au moja kwa moja).

3. Kwenye ukurasa huo huo angalia maneno ambayo watu waliyaandika wakafika kwako. Nakili kumi ya juu. Utayahitaji kuliko unavyofikiri.

4. Pakua picha zako zote kwa mpangilio wake. Wengi wana picha kwenye simu lakini hawakumbuki ipi ilikuwa ya kwanza, na picha ya kwanza ndiyo inayobofywa.

5. Maliza oda zilizo njiani. Aliyeagiza jana anastahili alichokiona jana, na si vizuri arudi kwenye ukurasa akute kitu kingine kabla kifurushi hakijamfikia.

Mfano: kanga imekwisha

Tumchukue fundi anayeshona foronya za sentimita 45 kwa 45. Tarakimu ninazotumia ni za mfano, lakini hesabu ni ile utakayoifanya mwenyewe.

Tangazo lake lina maoni 31 na mioyo 610. Katika miezi 12 limetembelewa mara 4,000 na kuleta oda 96, yaani oda 24 kwa kila wageni 1,000. Wageni 2,600 wametoka kwenye utafutaji wa Etsy, 700 mitandaoni, hasa Pinterest, na 700 waliobaki kwingineko. Kitambaa ni kanga ya bluu na manjano, toleo la mwaka mmoja ambalo halichapishwi tena.

Jambo la kwanza analotazama ni maneno kumi aliyonakili. Manane ni ya jumla: `kanga cushion cover`, `african pillow cover 45x45`, `swahili home decor` na mengine ya namna hiyo. Mawili tu yanataja rangi. Maana yake, wengi walioingia walikuwa wakitafuta foronya ya kanga yenye ukubwa ule. Bluu ndiyo waliyoikuta, na wengine waliipenda. Hali ingekuwa kinyume, yaani maneno manane yakitaja bluu na manjano, historia ile ingekuwa ya nakshi ile, nayo ingekufa nayo. Kubadilisha picha kuwa nyekundu kungeleta wageni wanaotafuta bluu na kuondoka mikono mitupu. Tangazo la namna hiyo hujishusha lenyewe, kwa sababu kila anayefungua na kuondoka anauambia mfumo kwamba halifai.

Jambo la pili ni maoni. Anasoma yote 31, na anayagawa mafungu mawili: yanayosifu ushonaji, zipu, pamba na kasi ya kutuma, na yanayosifu rangi au maneno ya kanga. Tuseme 22 ni fungu la kwanza. Hayo yatabaki kweli kwa kanga yoyote ya pamba atakayoishona kwa namna ile ile. Tisa yanayotaja bluu yatabaki kweli ikiwa tu bluu bado inaonekana mahali kwenye ukurasa.

Hapo njia inajitokeza, na si kati ya zile mbili alizoanza nazo. Hatabadilisha bluu iwe nyekundu, wala hatafungua tangazo jipya. Ataongeza chaguo la kitambaa ndani ya tangazo lile lile wakati bluu bado ipo.

Anaingia kuhariri, sehemu ya Variations, anaunda chaguo la kitambaa. La kwanza ni bluu na manjano, idadi 5, ndizo zilizobaki. La pili ni kisutu. Hapa amefanya busara: kisutu, ile kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ya harusi za Pwani, huchapishwa mwaka hadi mwaka, kwa hiyo atakuwa na kitambaa kisichokatika. La tatu ni toleo jipya alilolipata Kariakoo. Kila chaguo analiunganisha na picha yake, ili mteja akigusa jina la kitambaa picha ibadilike.

Picha ya kwanza haigusi bado. Bluu inabaki mbele mpaka zile 5 zitoke. Zikiisha, chaguo hilo hubaki kwenye orodha likionyesha kwamba limeuzwa, na mimi ningeliacha hapo kwa miezi kadhaa. Mgeni anayekuja kutoka Pinterest kwa picha ya bluu anaelewa papo hapo kilichotokea, na pembeni anaona mbili zinazopatikana. Picha ya bluu inasogea nyuma kwenye mfululizo, haifutwi.

Kwenye maelezo anaongeza sentensi moja ya wazi, mwanzoni, si chini kabisa: kwamba maoni ya kabla ya mwezi fulani ni ya kitambaa cha bluu, ukubwa na ushonaji ni ule ule. Sijaona mteja aliyekimbizwa na sentensi hiyo, na hukuokoa siku mtu akidai kwamba umemdanganya.

Kuna jambo moja la kanga ambalo wasiojua watalikosa. Kipande kimoja cha kanga ni takriban sentimita 150 kwa 110. Ukikata vipande vya 47 kwa 47 ili ubaki na mshono, unapata vitatu upande mrefu na viwili upande mfupi, yaani sita, yaani foronya tatu zenye zipu. Jina la kanga liko mahali pamoja tu. Kwa hiyo ni foronya moja kati ya tatu inayobeba maneno, nyingine zinabeba mji au kona za pindo. Ikiwa picha yako inaonyesha jina, nawe unatuma kipande cha pindo, unauza kitu tofauti na picha bila kubadilisha chochote kwenye tangazo. Mwenye akili hufanya hili kuwa chaguo la pili: yenye jina, na isiyo na jina, bei mbalimbali. Au hupiga picha ya vipande vyote vitatu pamoja na kusema kwamba mpangilio wa nakshi hutofautiana. Ukiwa tayari unapanga machaguo ya kitambaa, huu ndio wakati wa kulimaliza.

Namna ya kurekebisha bila kuliangusha tangazo

Kosa la kawaida ni kubadilisha kila kitu usiku mmoja: kichwa, tegi 13 zote, picha, bei, kategoria. Mauzo yakishuka hujui kilichoyashusha.

Ongeza machaguo kwanza, kwa sababu hayaondoi kitu. Subiri wiki mbili. Kisha badilisha picha ya kwanza peke yake, kwa kuwa ndiyo inayoamua nani anafungua. Wiki mbili tena. Mwisho gusa kichwa na tegi, na hapo rudi kwenye yale maneno kumi uliyonakili. Maneno yanayoleta wanunuzi usiyaondoe kwa kuwa umeyachoka. Kichwa kinabeba herufi 140 na kila tegi herufi 20, kwa hiyo neno la jumla lililokuwa likikulisha lina nafasi ya kukaa pamoja na jipya. Tegi za bluu na manjano ndizo zinazotoka, na zinatoka siku bluu inapoisha.

Kategoria usiiguse kama haina makosa. Ukiihamisha, sifa ulizojaza zamani zinaweza kufutika, nawe utalazimika kuzijaza upya, nazo ni sehemu ya kinacholinganishwa na maneno ya mtafutaji.

Sasa kupima. Linganisha na kipindi kile kile cha mwaka uliopita, maana Novemba na Desemba hazifanani na Februari. Usilinganishe wiki na wiki iliyotangulia. Tazama tarakimu mbili tu. Ikiwa wageni kutoka utafutaji wa Etsy wamepungua, tatizo liko kwenye kichwa, tegi au picha ya kwanza, na utajua ni lipi kwa sababu hukuvigusa pamoja. Ikiwa wageni ni wale wale lakini oda zimeshuka, tuseme kutoka 24 kwa kila 1,000 hadi 12, tatizo liko ndani ya ukurasa: bei, picha za kati, au mgeni anakuta kitu ambacho hakukitarajia. Katika hali ya kwanza fungua CSV yako na urudishe kichwa cha zamani neno kwa neno. Katika hali ya pili, soma upya ukurasa kama mgeni, ukianzia kwenye simu, na uangalie kama chaguo la kwanza linaloonekana ni lile lililokwisha kuuzwa. Hilo hutokea sana.

Kwa duka dogo, kuwa mwangalifu na tarakimu. Tangazo linalopata wageni 80 kwa mwezi litaleta oda 1 au 3 au sifuri kwa bahati tu. Huko wiki mbili hazitoshi, subiri miezi miwili.

Pale jipya linapostahili

Rudi kwa fundi wetu. Baada ya miezi sita anaamua kushona foronya ya 40 kwa 60, mbele kanga, nyuma kitani kizito, bei mara mbili. Kishawishi ni kuiingiza kama chaguo kwenye tangazo lenye maoni 31. Kwa kipimo cha mteja wa zamani haipiti: kitambaa cha nyuma si kile, ukubwa si ule, na anayesoma kwamba ni nyepesi na inakauka haraka atapokea kitu kizito. Pia kuna hasara ya biashara ambayo huonekana baadaye. Bei mbili zilizo mbali ndani ya tangazo moja humfanya mtafutaji aone bei ya chini, afungue, akute anachokitaka ni ghali, aondoke.

Kwa hiyo anafungua jipya, na hapa Copy ndiyo kazi yake: ananakili la zamani ili asiandike upya sera za usafirishaji na tegi za jumla, kisha anabadilisha picha zote, kichwa na malighafi kabla ya kuchapisha. Picha ya zamani isibaki hata moja. Nakala zenye picha za bidhaa nyingine ndizo zinazoleta ugomvi.

Msukumo ule mdogo wa mwanzo hautumii ovyo. Halichapishi kabla picha zote hazijakamilika, kwani siku za kwanza ndizo mfumo unapojifunza nani anabofya. Siku hiyo hiyo anaingia kwenye maelezo ya tangazo la zamani na kuweka anwani ya jipya, akisema kwamba kuna ya ukubwa mwingine yenye kitani. Hivyo tangazo kongwe linalipeleka jipya wageni bila kulikopesha maoni. Waliokwisha kununua foronya mbili tatu, akiweka kadi ndogo kwenye kifurushi chao kinachofuata, ndio watakaoandika maoni ya kwanza. Mnunuzi wa Etsy ana siku 100 baada ya kufikiwa na bidhaa za kuandika maoni, kwa hiyo ukurasa kuwa mtupu mwezi wa kwanza si dalili ya kufeli.

Wapo wanaofungua nakala mpya ya tangazo lile lile kila wiki ili wapate msukumo ule tena na tena. Matokeo yake ni matangazo manne ya kitu kimoja, kila moja na moyo wake mmoja na oda yake moja, badala ya moja lenye nguvu. Anayeuza vitu vya kipekee, kipande kimoja kisicho na pacha, yeye hana la kuchagua: kila kipande kina tangazo lake, na nguvu yake iko kwenye maoni ya duka.

La zamani lifanywe nini

Ukiwa umefungua jipya kwa sababu bidhaa ya zamani haitarudi kabisa, usikimbilie Delete. Tangazo lililofutwa halirudi, na namba yake haitumiki tena. Ukiliacha liishe likae kwenye Sold out, anayefika kwa kiungo cha zamani anaona kilikuwa kitu gani na kwamba kimeuzwa. Kama kuna uwezekano wowote wa kitambaa kurudi, ndiyo hali ninayoipenda: siku doti zikipatikana, Renew, na maoni na mioyo vimo.

Deactivate inafaa kwa kusitisha kwa muda: unasafiri, au unangoja mzigo, au umegundua kosa kwenye maelezo na hutaki mtu anunue kabla hujalirekebisha. Kumbuka tu kwamba ile miezi 4 inaendelea kuhesabika huku tangazo limelala. Delete ibakie kwa rasimu na nakala ambazo hazijawahi kuuza hata kimoja. Na kabla ya kubonyeza, tafuta namba ya tangazo hilo kwenye wasifu wako wa Instagram, kwenye Pinterest na kwenye majibu yako ya WhatsApp yaliyohifadhiwa, kwa sababu mara nyingi ile unayotaka kuifuta ndiyo uliyoibandika kila mahali.